Kile Ambacho Alama Haisikii: Uhakiki wa Upimaji wa Matamshi ya Kiswahili kwa Kulinganisha Rekodi ya Mwanafunzi na Sauti ya Msemaji wa Mfano

1.0 Utangulizi

Programu za kufundishia lugha kwa simu na kompyuta zina zoezi moja linalofahamika sana. Mwanafunzi husikilizishwa neno lililotamkwa na msemaji wa mfano, hulirudia mbele ya maikrofoni, kisha kioo humwonesha alama, pengine 62, pengine 85. Mwanafunzi huichukua alama hiyo kama hukumu ya mwalimu. Akipewa 62 hurudia neno mara nne au tano akibadili hiki na kile, na asipofanikiwa huamini kwamba ulimi wake ndio wenye kasoro.

Makala hii inahakiki namna moja ya kuipata alama hiyo, yaani kupima umbali kati ya rekodi ya mwanafunzi na rekodi ya msemaji wa mfano moja kwa moja. Namna hii huvutia wanaoshughulikia lugha zisizo na hazina kubwa ya rekodi zilizonukuliwa, kwa sababu haihitaji kompyuta ifundishwe lugha yenyewe. Rekodi mbili zinatosha. Kwa Kiswahili, ambacho kwa muda mrefu kimekuwa na rekodi chache za namna hiyo kikilinganishwa na Kiingereza, mvuto huo unaeleweka. Hoja ya makala ni kwamba umbali unaopimwa kwa njia hii hubeba mambo ambayo mwanafunzi hapaswi kuulizwa, na huyaacha baadhi ya mambo ambayo mwalimu wa Kiswahili angeyauliza kwanza. Hoja hiyo itaoneshwa kwa maneno mawili: *barabara* na *thamani*.

2.0 Jinsi umbali unavyopatikana

Rekodi hukatwa katika vipande vifupi. Kwa kawaida kila kipande huwa na urefu wa milisekunde 25, na kipande kinachofuata huanza milisekunde 10 baada ya kuanza kwa kilichotangulia, hivyo vipande hupandiana. Neno linalochukua milisekunde 600 hutoa vipande vipatavyo 60. Katika kila kipande hupimwa nguvu ya sauti katika mikanda ya masafa iliyopangwa kwa kufuata sikio la binadamu: mikanda myembamba kwenye masafa ya chini, ambako sikio hutofautisha vizuri, na mipana kwenye masafa ya juu. Vipimo hivyo hufupishwa kuwa namba chache, mara nyingi 12 au 13. Utaratibu huu ulipata nguvu baada ya Steven Davis na Paul Mermelstein kuonesha mwaka 1980 kwamba unazishinda njia nyingine walizozilinganisha katika kutambua maneno ya silabi moja.

Ufupisho huo una kusudi, na kusudi lake linapaswa kukumbukwa. Namba za mwanzo hueleza umbo la jumla la sauti, ambalo hutokana na umbo la kinywa, mahali pa ulimi na mviringo wa midomo. Mawimbi madogomadogo yanayotokana na mtetemo wa nyuzi za sauti, ambayo ndiyo yanayobeba kidatu, huachwa nje. Kwa kazi ya kutambua neno katika lugha kama Kiingereza, kuacha kidatu si hasara, kwa kuwa neno ni lilelile likisemwa kwa sauti ya juu au ya chini.

Baada ya hapo kila rekodi huwa ni mfululizo wa vipande, na kila kipande ni fungu la namba. Tatizo linalobaki ni kwamba watu wawili hawasemi kwa mwendo mmoja. Kipande cha 20 cha msemaji wa mfano kinaweza kuwa katikati ya irabu, wakati kipande cha 20 cha mwanafunzi bado kiko kwenye konsonanti. Suluhisho lililoenea zaidi ni lile lililopewa sura yake maarufu na Hiroaki Sakoe na Seibi Chiba mwaka 1978, ambalo hapa litaitwa mnyumbuko wa muda. Kompyuta hujenga jedwali ambalo safu zake ni vipande vya rekodi moja na mistari yake ni vipande vya rekodi nyingine, kisha hutafuta njia ya gharama ndogo kutoka pembe ya mwanzo hadi pembe ya mwisho kwa kanuni hii:

```
D(i,j) = d(i,j) + min( D(i-1,j), D(i,j-1), D(i-1,j-1) )
```

Hapa `d(i,j)` ni umbali kati ya kipande cha i cha msemaji wa mfano na kipande cha j cha mwanafunzi, na `D(i,j)` ni gharama ya njia nafuu kuliko zote inayofika hapo. Njia inaweza kusonga mshazari, yaani rekodi zote mbili zikienda mbele pamoja, au kusonga upande mmoja tu, yaani kipande kimoja cha rekodi hii kikilinganishwa na vipande kadhaa vya rekodi ile. Gharama ya mwisho hugawanywa kwa urefu wa njia ili neno refu lisionewe, na wastani huo hugeuzwa kuwa alama kati ya 0 na 100.

Sakoe na Chiba hawakuwa wakipima matamshi. Walikuwa wakitambua maneno, na kwao tofauti ya mwendo kati ya wasemaji ilikuwa usumbufu wa kuondolewa. Waliuondoa kwa ustadi mkubwa. Swali la uhakiki huu linaanzia hapo: chombo kilichoundwa ili kisahau muda kimehamishiwa kwenye kazi ambayo muda ni sehemu ya jibu.

3.0 Neno *barabara*

Mkazo wa Kiswahili kwa kawaida huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na kanuni hiyo huvunjwa na maneno machache. Mfano ambao takriban kila kitabu cha sarufi huutaja ni *barabara*. Mkazo ukiwekwa kwenye silabi ya tatu, *barabára*, neno ni njia ipitayo magari. Ukiwekwa kwenye silabi ya pili, *barábara*, neno lina maana ya sawasawa, kama katika kusema kwamba kazi imefanywa barábara. Fonimu ni zilezile na mpangilio wake ni uleule. Kinachotofautisha ni kwamba silabi yenye mkazo hutamkwa kwa nguvu zaidi, irabu yake hurefuka na kidatu chake hubadilika.

Tuseme msemaji wa mfano ametamka *barabára* na mwanafunzi akatamka *barábara*. Ili hesabu ionekane wazi, kila sauti ipewe kipande kimoja, isipokuwa irabu yenye mkazo ipewe viwili. Rekodi zitakuwa hivi:

```
mfano:      b a r a b a a r a
mwanafunzi: b a r a a b a r a
```

Tuseme pia kwamba umbali kati ya vipande vya sauti moja ni 0 na kati ya vipande vya sauti tofauti ni 1. Mtu akilinganisha kipande kwa kipande bila mnyumbuko wowote, atakuta tofauti mbili: kipande cha 5 ni *b* kwa mmoja na *a* kwa mwingine, na kipande cha 6 ni kinyume chake. Ulinganishaji huo wa kitoto umegundua kosa.

Sasa mnyumbuko wa muda utumike. Vipande vinne vya kwanza vinakwenda mshazari kwa gharama 0. Kipande cha 4 cha msemaji wa mfano kinalinganishwa tena na kipande cha 5 cha mwanafunzi, *a* kwa *a*, gharama 0. Kisha *b* kwa *b*, gharama 0. Vipande vya 6 na 7 vya msemaji wa mfano, ambavyo ni irabu ndefu yenye mkazo, vyote viwili vinalinganishwa na kipande cha 7 cha mwanafunzi, gharama 0. Vinabaki *r* na *a* za mwisho. Jumla ya gharama ni 0, na alama ni 100. Mwanafunzi amesema neno jingine, na programu imempongeza.

Katika sauti halisi gharama haitakuwa 0 kamili. Irabu yenye mkazo hutamkwa kwa nguvu na kwa ukamilifu zaidi, na endapo mojawapo ya namba za kila kipande inapima nguvu, sehemu ndogo ya tofauti itaonekana. Lakini dalili mbili kubwa za mkazo zimekwisha kuondoka: kidatu kilitupwa wakati wa kufupisha vipande, na urefu wa irabu ulisamehewa na mnyumbuko. Kosa hili halirekebishwi kwa maikrofoni bora wala kwa rekodi safi zaidi, kwa kuwa limo ndani ya hatua zenyewe.

Ikumbukwe kwamba anayekosea mkazo hakosei katika *barabara* pekee. Mgeni aliyezoea lugha yenye mkazo mwanzoni mwa neno hutamka *kitabu*, *mwalimu* na *chakula* kwa mkazo uliohama, na mzungumzaji wa Kiswahili humtambua kwa hilo kabla ya kosa jingine lolote. Kosa linalosikika mapema zaidi sokoni ndilo ambalo alama hii huliona kwa shida zaidi.

4.0 Sauti ya lugha na sauti ya mtu

Upande wa pili wa tatizo ni yale ambayo umbali huyasikia pasipo kutakiwa. Mfereji wa sauti, kuanzia koo hadi midomo, una urefu wa takriban sentimita 17 kwa mwanamume mtu mzima na sentimita 14 hadi 15 kwa mwanamke; wa mtoto ni mfupi zaidi. Mfereji huo hufanya kazi kama bomba lililozibwa upande mmoja, na bomba fupi huvuma kwa masafa ya juu kuliko bomba refu. Kwa irabu isiyoegemea upande wowote, bomba la sentimita 17.5 huvuma kwenye hezi zipatazo 500, 1,500 na 2,500. Bomba la sentimita 14.6 huvuma kwenye hezi zipatazo 600, 1,800 na 3,000. Kila kilele kimepanda kwa sehemu moja ya tano, na hakuna aliyekosea kutamka chochote.

Kupanda huko si jambo la kidatu, ambacho kimeshaachwa nje. Ni umbo la jumla la sauti lenyewe, yaani kitu hasa ambacho zile namba 12 au 13 zimekusudiwa kukipima. Kwa hiyo mwanamke anayesema *a* sahihi na mwanamume anayesema *a* sahihi watakuwa na umbali kati yao, na umbali huo utajirudia katika kila irabu ya kila neno.

Madhara yake yanaonekana vizuri katika neno *thamani*. Wanafunzi wengi, wageni kwa wenyeji wa lugha zisizo na *th*, hulitamka *samani*, ambalo ni neno jingine lenye maana ya meza, viti na vyombo vya nyumba. Neno lichukue vipande 60, na konsonanti ya kwanza ichukue 10 kati ya hivyo. Msemaji wa mfano ni mwanamume. Namba zifuatazo ni za kukokotolea tu, ila uwiano wake unaeleza kinachotokea.

Mwanafunzi wa kwanza ni mwanamume ambaye sauti yake inakaribiana na ya msemaji wa mfano, kiasi kwamba tofauti ya maumbile inagharimu 1 kwa kila kipande. Akisema *thamani* ipasavyo, wastani ni 1. Akisema *samani*, vipande 50 vinagharimu 1 kila kimoja na vipande 10 vya *s* vinagharimu 7 kila kimoja. Jumla ni 120, na wastani ni 2. Mwanafunzi wa pili ni mwanamke ambaye tofauti ya maumbile inamgharimu 3 kwa kila kipande. Anasema *thamani* bila dosari yoyote, na wastani wake ni 3. Programu inayotoa alama kwa kuondoa 20 katika 100 kwa kila kizio cha umbali itampa mwanamume aliyesema *samani* alama 60, na mwanamke aliyesema *thamani* alama 40.

Katika hesabu hii kosa la fonimu ni kubwa mno kwenye vipande vyake, mara saba ya gharama ya kawaida. Hata hivyo linazidiwa, kwa sababu linakaa katika sehemu moja ya sita ya neno, ilhali tofauti ya maumbile imeenea katika neno zima. Wastani hupendelea kilichoenea. Sikio la mwalimu hufanya kinyume: hupuuza kilichoenea baada ya silabi moja au mbili na kuukamata upesi mkwaruzo mmoja ulio mahali pasipo pake.

Wajenzi wa programu wanalifahamu tatizo hili na wana dawa zake. Ya kwanza ni kutoa wastani wa rekodi nzima katika kila kipande, ili kile kisichobadilika, kama vile rangi ya maikrofoni au mwangwi wa chumba, kiondoke. Dawa hii hufaa katika sentensi ndefu yenye irabu za kila aina. Katika neno moja huwa na hatari ambayo *barabara* inaidhihirisha kwa mara nyingine. Irabu zake zote nne ni *a*, na irabu ndizo zenye vipande vingi. Kwa hiyo wastani wa rekodi nzima unakaribia kuwa *a* yenyewe. Anayeutoa wastani huo ameitoa pia irabu aliyotaka kuipima, na mwanafunzi aliyeipindisha *a* katika silabi zote nne husamehewa sehemu kubwa ya kosa lake. Dawa ya pili ni kukadiria urefu wa mfereji wa kila msemaji na kuyavuta masafa yake yalingane na ya mwingine. Hiyo husaidia kweli, ila inahitaji sauti ya kutosha ya mwanafunzi, na neno la nusu sekunde ni ushahidi mdogo.

Kimya nacho kisisahaulike. Rekodi zote mbili zikiwa na kimya kirefu mwanzoni na mwishoni, vipande vya kimya hulingana kwa gharama ndogo na kuushusha wastani. Mwanafunzi huongezewa alama kwa muda ambao hakusema kitu.

5.0 Njia iliyotupwa pamoja na jibu

Lawama hizi zisichukuliwe kwamba ulinganishaji wa rekodi mbili haufai kabisa. Kasoro kubwa imo katika hatua ya mwisho, pale jedwali zima linapofinywa kuwa namba moja. Turejee kwenye *barabara*. Gharama ilikuwa 0, lakini njia haikuwa mshazari ulionyooka. Kwenye silabi ya pili ilisonga upande wa mwanafunzi peke yake, na kwenye silabi ya tatu ikasonga upande wa msemaji wa mfano peke yake. Anayetazama njia, badala ya gharama, anaona mara moja kwamba mwanafunzi ameirefusha irabu ya pili na kuifupisha ya tatu, yaani amehamisha mkazo. Taarifa iliyosamehewa na gharama imehifadhiwa kikamilifu na mwinamo wa njia.

Ann Lee na James Glass waliufuata mkondo huu katika kazi yao ya mwaka 2012 kuhusu kugundua makosa ya matamshi kwa kulinganisha. Walilinganisha rekodi ya mwanafunzi na ya mwalimu kwa mnyumbuko wa muda, kisha wakachota sifa kutoka kwenye umbo la njia na kutoka kwenye jedwali la umbali, na kwa sifa hizo wakaamua ni maneno yapi yametamkwa vibaya. Ubora wa mkabala wao, kwa mtazamo wa uhakiki huu, ni kwamba unauliza mahali kosa lilipo kabla ya kuuliza ukubwa wake. Mwanafunzi anayeambiwa kwamba silabi ya pili ni ndefu mno ana jambo la kurekebisha. Aliyeambiwa 62 hana.

Kwa Kiswahili hatua hiyo ni rahisi kuliko inavyodhaniwa. Tahajia ya Kiswahili inakaribiana sana na matamshi, na silabi zake nyingi huishia kwa irabu. Msemaji wa mfano akishakatwa kwa mkono mara moja, mipaka ya silabi zake inaweza kuhamishiwa kwa mwanafunzi kupitia njia ileile. Hapo kila silabi hupata umbali wake, urefu wake na, endapo kidatu kitapimwa kando kwa chombo chake, kidatu chake. Kosa la *samani* halitagawanywa tena kwa vipande 60. Litagawanywa kwa vile vya silabi *tha* peke yake, na litasikika.

Kuna pia mkabala mwingine usiomhitaji msemaji wa mfano hata kidogo. Kipimo cha ubora wa matamshi kilichopendekezwa na Silke Witt na Steve Young, ambacho makala yao ilitoka mwaka 2000, huuliza swali la aina nyingine: je, sauti hii inafanana na *th* zaidi kuliko inavyofanana na fonimu nyingine yoyote ya lugha hii? Swali hilo humtendea haki mwanamke wa mfano uliotangulia. Hata kama *th* yake iko mbali na *th* ya mwanamume fulani, bado iko karibu na *th* kuliko *s*. Gharama yake ni kwamba kompyuta inapaswa kufundishwa fonimu za Kiswahili kwa sauti za watu wengi. Kazi hiyo imekuwa nyepesi zaidi tangu rekodi za kuchangiwa na umma, kama zile za Common Voice za taasisi ya Mozilla, zilipoanza kuingiza Kiswahili. Lakini kipimo hicho nacho hupima fonimu moja baada ya nyingine, na hakina la kusema kuhusu mkazo. Mbele ya *barabara* nacho ni kiziwi, ingawa kwa sababu nyingine.

6.0 Msemaji wa mfano ni nani?

Kulinganisha na mtu mmoja kunaingiza swali ambalo wahandisi hulipita haraka, ilhali kwa wanaisimu wa Kiswahili ni la zamani. Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu katika mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928, na mahali palipofanyika uamuzi huo pana lahaja yake yenye tofauti ambazo tahajia sanifu haiziandiki. Mzungumzaji wa Kimvita hutofautisha *paa* la nyumba na *paa* mnyama: *p* ya mnyama hufuatwa na mpumuo, na ya nyumba haifuatwi. Wazungumzaji wengi wa Kiswahili sanifu, hasa wa bara, hawaifanyi tofauti hiyo, na hakuna mtahini anayewakata alama kwa hilo.

Sasa msemaji wa mfano awe ni wa Mombasa na neno liwe ni *paa* mnyama. Mwanafunzi aliyefundishwa na mwalimu wa Dodoma atatamka *p* isiyo na mpumuo, na umbali utaongezeka. Programu itamhesabia kosa ambalo mwalimu wake halijui. Msemaji wa mfano akiwa wa Dodoma, mwanafunzi aliyejifunza Mombasa ndiye atakayeumia, na safari hii ataadhibiwa kwa kujua zaidi. Umbali hauna uwezo wa kutenganisha kosa na lahaja. Unajua tu kwamba sauti hii si ile.

Njia nyepesi ya kupunguza madhara haya ni kuwa na wasemaji wa mfano kadhaa, wanaume kwa wanawake, wa pwani na wa bara, na kumpa mwanafunzi umbali wa yule aliye karibu naye kuliko wote. Wastani wa wasemaji wote usitumike, kwa kuwa hakuna mtu yeyote anayezungumza kwa wastani wa Mombasa na Dodoma.

7.0 Jaribio kabla ya alama

Kilichoelezwa hapo juu kinaweza kuthibitishwa au kukanushwa na mwalimu yeyote mwenye programu na wenzake wawili, bila kuingia ndani ya mitambo. Linganisho la kwanza ni la msemaji wa mfano na nafsi yake: alitamke tena neno lilelile, siku nyingine, na umbali uandikwe. Hata yeye hatapata 100, na alama yake hiyo ndiyo kilele halisi cha mizani. Kumdai mwanafunzi zaidi ya hapo ni kumdai asichokiweza mwenye sauti. Linganisho la pili ni la msemaji wa mfano na wazawa wengine wa jinsia na umri tofauti, wote wakitamka neno hilo kwa usahihi. La tatu ni la msemaji wa mfano akitamka kwa makusudi neno lisilo lenyewe: *samani* mahali pa *thamani*, *barábara* mahali pa *barabára*.

Umbali wa linganisho la tatu unapaswa kuwa mkubwa kuliko ule wa la pili. Ukiwa mdogo, maana yake ni kwamba mizani inamwona mtu mmoja aliyekosea kuwa karibu zaidi kuliko watu wawili waliopatia, na hakuna kiwango cha kufaulu kinachoweza kuwekwa juu ya mizani ya namna hiyo. Ukiushusha, waliokosea watapita. Ukiupandisha, wazawa watafeli. Kwa jozi ya *thamani* na *samani* matokeo yatategemea jinsi programu inavyogawa neno na jinsi inavyosawazisha sauti za watu, na zipo zitakazofaulu. Kwa jozi ya *barabara*, programu inayotumia umbali wa mnyumbuko wa muda bila kupima urefu wa silabi wala kidatu itashindwa, na kushindwa huko kutajirudia kila mara. Programu ya namna hiyo inaweza kubaki darasani kwa ajili ya kumpa mwanafunzi sauti ya kusikiliza na kujirekodi ajisikie mwenyewe kando ya msemaji wa mfano. Sehemu yake ya alama izimwe mpaka itakapopita jaribio.